Kufilisi, kuweka msimamizi au kuelewana na wadai: njia ipi kwa kampuni iliyolemewa na madeni Kenya?

Kampuni inayoshindwa kulipa haifi siku moja. Kwanza wasambazaji wanaanza kudai pesa mkononi kabla ya kushusha mzigo, halafu mishahara inalipwa tarehe 10 badala ya tarehe 30, kisha makato ya KRA yanatumiwa kununulia mafuta ya magari. Mwishowe barua ya wakili inafika. Chini ya Sheria ya Ufilisi ya Kenya ya mwaka 2015, mdai wa shilingi 100,000 au zaidi akiiandikia kampuni notisi ya madai, na siku 21 zikapita bila malipo wala maelewano, sheria inaichukulia kampuni kuwa haiwezi kulipa madeni yake. Mdai huyo anaweza sasa kwenda Mahakama Kuu kuomba ifilisiwe.

Siku hizo 21 ndizo wakurugenzi wengi huzipoteza kwa kupiga simu na kuomba radhi, ilhali ndizo siku za kuchagua. Sheria inawapa njia tatu kuu: kufilisi, kuweka msimamizi, au makubaliano ya hiari na wadai. Marekebisho ya 2021 yaliongeza kinga fupi ya siku 30 kabla ya ufilisi, lakini kazi yake ni kununua muda tu wa kuchagua mojawapo ya hizo tatu.

Nani anashika usukani

Katika ufilisi, mfilisi huchukua kila kitu. Biashara husimama, isipokuwa pale anapohitaji kuiendesha kwa muda ili auze vizuri. Wakurugenzi hubaki na wajibu wa kutoa vitabu na kujibu maswali. Mali inauzwa, wadai wanalipwa kwa zamu, na kampuni inafutwa.

Msimamizi ni mtu wa aina nyingine. Naye ni mtaalamu wa ufilisi mwenye leseni, na wakurugenzi hawawezi kutumia mamlaka yao bila idhini yake, lakini lengo lake la kwanza kisheria ni kuiokoa kampuni iendelee kufanya kazi. Hilo lisipowezekana, awapatie wadai wote kwa jumla matokeo bora kuliko ambayo ufilisi ungewapa. Likishindikana hilo pia, auze mali alipe wenye dhamana na wenye kipaumbele. Wakenya waliozoea mrasimu wa benki wasimchanganye na huyu. Mrasimu alikuja kukusanya deni la aliyemteua. Msimamizi anawajibika kwa wadai wote, hata kama ni benki iliyomleta.

Katika makubaliano ya hiari, wakurugenzi hubaki ofisini. Wanaandika pendekezo la namna ya kulipa, mtaalamu mwenye leseni analipima, wadai wanapiga kura, na likipita mtaalamu huyo anakuwa mwangalizi: anapokea pesa kila mwezi, anawagawia wadai, na anapiga kengele kampuni ikikosa. Ndiyo njia ya bei nafuu kuliko zote, na ndiyo inayomwachia mwenye biashara heshima yake. Kwa sababu hiyo hiyo wengi huikimbilia hata pale isipofaa.

Kinga dhidi ya wadai

Hapa ndipo njia hizi zinapoachana kabisa, na kwa maoni yetu hili ndilo swali la kwanza kuliuliza kabla hata ya kufungua vitabu: je, kuna mtu anayeweza kuchukua kitu cha lazima wiki hii?

Kampuni ikiwa chini ya msimamizi, kesi dhidi yake husimama. Dalali hawezi kuondoka na gari, benki haiwezi kuuza kiwanda, na aliyekodisha mashine hawezi kuifungua na kuibeba, isipokuwa msimamizi akubali au mahakama iruhusu. Kinga hii ni pana na inaanza mara moja.

Makubaliano ya hiari hayaleti yenyewe ngao ya namna hiyo wakati yakiandaliwa. Pendekezo linaandikwa, ripoti ya mtaalamu inapelekwa mahakamani ndani ya siku 30, mikutano inaitishwa, na muda wote huo, kampuni isipokuwa imeomba kinga, mdai mmoja mwenye hukumu mkononi anaweza kumtuma dalali. Kampuni ya usafirishaji yenye malori 5 ikipoteza 3 kwa dalali katikati ya mazungumzo, hesabu zote za pendekezo zimekuwa karatasi tupu. Kwa hiyo, kama dalali ameshabandika orodha ya mali, usianze na makubaliano. Anza na msimamizi, kisha yeye mwenyewe awapelekee wadai pendekezo la makubaliano, sheria inamruhusu.

Lakini wakurugenzi wakichelewa hadi ombi la kufilisi lifike mahakamani, hawawezi tena kumteua msimamizi kwa hiari yao huku ombi hilo likisubiri kusikilizwa. Itabidi waende mbele ya jaji na kumshawishi. Na benki yenye dhamana inayoelea, ile inayoshika mali yote ya kampuni kama vile bidhaa ghalani na madeni ya wateja, ina haki ya kuarifiwa na inaweza kumleta msimamizi inayemtaka. Mwende benki kwanza, kabla ya kwenda kwa wakili wa kesi.

Kuna jambo moja ambalo kinga hailigusi. Mkurugenzi aliyeweka sahihi kama mdhamini binafsi wa mkopo anabaki peke yake uwanjani. Kampuni inalindwa, yeye halindwi. Hati ya nyumba yake ikiwa benki, benki inaweza kumfuata huku kampuni ikiendelea kuoka mikate. Mara nyingi ndiyo sababu ya kweli wakurugenzi hupigania njia fulani, na wadai wenye macho huiuliza mapema.

Hesabu: kiwanda cha mikate

Tuchukue kampuni ya kubuni, kiwanda cha mikate chenye wafanyakazi 40. Inadaiwa na benki milioni 60, dhamana ikiwa ni jengo na mashine. Wafanyakazi wanadai mishahara ya miezi 3, kwa wastani wa 30,000 kwa mwezi, jumla milioni 3.6. KRA inadai milioni 8 za makato yaliyokatwa yasiwasilishwe. Wasambazaji wa unga, sukari na mifuko wanadai milioni 50. Jumla ni milioni 121.6.

Ikifilisiwa, jengo na mashine vilivyoandikwa vitabuni kuwa vya milioni 95 vinauzwa kwa haraka kwa milioni 55. Tanuri lililofungwa kwenye sakafu halina soko kubwa. Mnunuzi anajua kulibomoa na kulisafirisha ni juu yake. Gharama za dalali na mawakili zinakula milioni 3, benki inapata 52, na milioni 8 zilizobaki inajiunga nazo kwenye foleni ya wasio na dhamana. Mali nyingine, yaani magari, bidhaa na madeni ya wateja, inaleta milioni 16. Madeni ya wateja ndiyo hushangaza: vitabuni ni milioni 20, lakini zinakusanywa 9, kwa kuwa dukawala akisikia kiwanda kimefungwa hukumbuka ghafla mikate yote iliyoharibika mwaka juzi.

Kutoka milioni 16, gharama za mfilisi ziondoe 4. Zinabaki 12. Wafanyakazi wana kipaumbele kwa mishahara ya miezi 4 ya mwisho, isiyozidi shilingi 200,000 kwa kila mmoja. Hawa wanadai 90,000 kila mtu, kwa hiyo wanalipwa yote 3.6. Zinabaki 8.4. KRA inachukua 8. Zinabaki 400,000 za kugawana watu wanaodai milioni 58.

Msambazaji wa unga anayedai milioni 2 atapata takriban shilingi 13,800. Na hatujagusa malipo ya kuachishwa kazi, ambayo nayo yana kipaumbele na yanaweza kuzimeza hizo 400,000 zote.

Sasa makubaliano. Baada ya kufuta njia mbili za usambazaji zilizokuwa zikila mafuta kuliko faida, kampuni inabaki na ziada ya milioni 2.4 kwa mwezi kabla ya kulipa madeni ya zamani. Benki inakubali kuupanga upya mkopo kwa miaka 7 kwa riba ya asilimia 14, ambayo ni kama milioni 1.12 kwa mwezi. Wafanyakazi wanalipwa malimbikizo yao kwa miezi 6, KRA kwa miezi 24, na wasambazaji wanakubali asilimia 40 ya deni lao, yaani milioni 20, kuanzia mwezi wa 7.

| Malipo kwa mwezi (shilingi) | Mwezi 1–6 | Mwezi 7–24 | Mwezi 25–56 |
|---|---|---|---|
| Benki | 1,120,000 | 1,120,000 | 1,120,000 |
| Wafanyakazi | 600,000 | – | – |
| KRA | 333,000 | 333,000 | – |
| Wasambazaji | – | 400,000 | 400,000 |
| Mwangalizi | 150,000 | 150,000 | 150,000 |
| Jumla | 2,203,000 | 2,003,000 | 1,670,000 |

Yule msambazaji wa milioni 2 anapata 800,000 mpango ukifika mwisho. Lakini asiitazame 800,000. Aangalie mwezi wa 7. Malipo ya kwanza kwa wasambazaji wote ni 400,000, na katika ufilisi wangepata kama 345,000 kwa jumla. Maana yake mpango ukivunjika hata mwezi wa 8, kwa deni la zamani tayari ameshapata zaidi ya ambacho mfilisi angempa. Hatari yake halisi ipo kwenye unga mpya. Akiendelea kupeleka mzigo wa 300,000 kila wiki kwa mkopo wa siku 30, ndani ya mwezi mmoja ana deni jipya la milioni 1.2 linaloning'inia. Kwa hiyo jibu lake la busara kwenye mkutano ni: ndiyo kwa mpango, na unga kwa pesa taslimu.

Mwandishi wa pendekezo asiyelijua hilo huandika hesabu za mtiririko wa fedha akidhani bado atapewa mkopo wa siku 30. Pesa taslimu kwa unga zinahitaji mtaji wa kuanzia wa wiki 3 au 4, na kwenye jedwali letu miezi 6 ya kwanza ina akiba ya chini ya 200,000 tu kwa mwezi. Hapo ndipo mipango mingi hupasuka, wiki ya 5 au ya 6, wala si mwaka wa tatu. Dawa ni kuuza kitu kisichohitajika kabla ya kuanza, tuseme magari 2 ya njia zilizofutwa, au mwenye hisa aweke pesa mpya. Pendekezo lisilokuwa na mojawapo, wadai walirudishe.

Kura

Wadai hupiga kura kwa makundi: wenye dhamana, wenye kipaumbele, na wasio na dhamana. Wenye hisa wana mkutano wao. Baada ya hapo mahakama inaidhinisha, na makubaliano yanamfunga kila mdai anayehusika, hata aliyepiga kura ya hapana. Hiyo ndiyo tofauti na yale maelewano ya pembeni ya kampuni na mdai mmoja mmoja, ambayo mkaidi mmoja anaweza kuyavunja.

Kwa vitendo, ufunguo ni benki. Bila ridhaa yake dhamana yake haiguswi, na kiwanda kisicho na tanuri hakioki. Benki husikiliza hesabu mbili: ikifilisi sasa inapata ngapi, na ikisubiri inapata ngapi. Katika mfano wetu inapata 52 ikifilisi. Ikisubiri inapata deni lake lote na riba, huku kiwanda kinachofanya kazi kikiwa na thamani kubwa kuliko kilichofungwa. Mpelekee tathmini ya bei ya kuuza kwa haraka, iliyofanywa na mthamini anayekubalika na benki hiyo. Tathmini ya bei ya soko la kawaida haimsaidii mtu, maana benki itaipunguza yenyewe.

Wafanyakazi na KRA hudharauliwa sana katika maandalizi kwa sababu "watalipwa tu". Ndio hasa wanaoweza kukataa, kwa kuwa katika ufilisi wangelipwa chote. Ukitaka kura yao, usiwapunguzie hata shilingi. Waombe muda tu.

Uchumi na Nakumatt

Maduka mawili makubwa ya Kenya yanaonyesha njia hizi mbili zikifika mwisho wa kamba. Nakumatt iliwekwa chini ya msimamizi kwa amri ya mahakama Januari 2018, ikiwa na madeni ya zaidi ya shilingi bilioni 30. Kinga ilifanya kazi yake, lakini duka kubwa linaishi kwa mkopo wa wasambazaji, na rafu zilikuwa zimeshakuwa tupu kabla msimamizi hajaingia. Wenye majengo walitaka nafasi zao. Matawi yaliyobaki yaliuzwa kwa Naivas, na Januari 2020 wadai walipiga kura kampuni ifungwe. Kinga haileti bidhaa kwenye rafu.

Uchumi ilichukua njia ya makubaliano ya hiari, na wadai wakayapitisha Machi 2020, mwezi ule ule ambao korona iliingia nchini. Mpango ulitegemea sana kuuza shamba la kampuni huko Kasarani, na shamba hilo likaingia kwenye mgogoro wa umiliki. Mdai anayesoma pendekezo ajiulize hivi: je, pesa zinatoka kwenye mauzo ya kila siku, au kwenye mali moja ambayo haijapata mnunuzi? Kama ni mali moja, aombe kuona hati miliki, matokeo ya upekuzi wa ardhi, na barua ya mnunuzi kabla ya kupiga kura.

Muda na gharama

Msimamizi ana siku 60 za kuwasilisha mapendekezo yake kwa wadai, na kazi yake hudumu miezi 12 isipoongezwa. Ni njia ghali: ada yake na ya mawakili hutoka kwenye mali ya kampuni kabla ya wadai wengine. Kwa kiwanda chenye ziada ya milioni 2.4 kwa mwezi, msimamizi wa mwaka mzima anaweza kula kile kile alichokuja kukiokoa. Ndiyo maana kwa kampuni ndogo tunapendekeza usimamizi uwe mfupi, wa kufunga mlango dhidi ya madalali, na pendekezo la makubaliano liwe limeshaandikwa siku msimamizi anapoingia.

Makubaliano huchukua miaka 3 hadi 5, na katika muda huo kila kodi mpya na kila mshahara mpya lazima ulipwe kwa wakati. Mwangalizi mzuri huomba risiti za KRA za kila mwezi. Dalili ya kwanza ya kuvunjika siyo kukosa kulipa wasambazaji. Ni makato ya mwezi kutowasilishwa ifikapo tarehe 9. Kampuni imeanza tena kujikopesha kwa serikali.

Wakati ufilisi ndio jibu

Kuna kampuni zisizostahili kuokolewa, na kuwaambia wenyewe hivyo ni kuwafaa. Ondoa madeni yote ya zamani, yachukulie kama yamefutwa leo. Je, kampuni inapata faida kwa kila bidhaa? Kiwanda kinachouza mkate kwa 55 kwa wenye maduka huku unga, umeme, mshahara na mafuta ya gari vikigharimu 56, hakina deni la kupangwa upya. Kila mkate unaotoka kwenye tanuri unaongeza hasara ya shilingi 1, na mikate 10,000 kwa siku ni hasara ya 300,000 kwa mwezi. Hapo makubaliano yatahamisha tu pesa za wasambazaji wapya kuwalipa wa zamani.

Mkurugenzi anayejua hivyo na akaendelea kuchukua bidhaa kwa mkopo anajitia hatarini yeye binafsi, kwa kuwa mahakama inaweza kumwamuru achangie mali ya kampuni kutoka mfukoni mwake. Afadhali aitishe mkutano wa wenye hisa na wadai, afilisi kwa hiari, auze tanuri likiwa bado linawaka. Mnunuzi anayeliona likifanya kazi hulipa zaidi ya anayelikuta limepoa miezi 8 chini ya vumbi.

Kwa walio Tanzania, Sheria ya Makampuni ya 2002 nayo ina makubaliano ya hiari na amri ya usimamizi, ila masharti na muda wake si hivi vya Kenya; usikopi pendekezo la Nairobi ukalipeleka Dar es Salaam.

Ukiwa bado ndani ya siku zile 21, kazi ya wiki ya kwanza ni karatasi tatu: orodha ya wadai wote na dhamana zao, mtiririko wa fedha wa wiki 13 kwa kudhani kila kitu kinanunuliwa taslimu, na bei ya kuuza mali kwa haraka. Mtaalamu wa ufilisi akizipata hizo mkutano wa kwanza, anaweza kukuambia siku hiyo hiyo ni njia ipi. Asipozipata, wiki mbili zitaishia kuzitafuta, na notisi haisubiri.